Karadha au kukodi tu? Kotesheni mbili za foklifti, ghala la mkonge Tanga

Mhasibu_Chumbageni

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua hesabu za mali ya kukodi, upande wa anayekodi.

Kampuni ni ya familia, ina ghala la mkonge hapa Tanga. Marobota ni ya kilo 250 na yanapangwa juu kwa juu, kwa hiyo foklifti ya tani 3 haikwepeki. Bei taslimu ya mashine tunayoitaka ni shilingi milioni 60 bila VAT. Tumeletewa kotesheni mbili.

Ya kwanza imetoka kampuni ya karadha. Miaka 4, tunalipa 21,000,000 kila mwisho wa mwaka. Tukimaliza, tunaruhusiwa kuichukua mashine kwa 80,000. Bima na matengenezo ni juu yetu. Aliyeileta anasema riba ni asilimia 10.

Ya pili, mwenye mashine anatukodisha miaka 3 bila kuvunja katikati: mwaka wa kwanza 12,000,000, wa pili 15,000,000, wa tatu 18,000,000, malipo mwisho wa mwaka. Bima na matengenezo ni vyake. Mkataba ukiisha anaondoka na mashine yake.

Mafundi wanasema kwa kazi yetu mashine hii ina uhai wa miaka 8. Tunafunga hesabu kwa IFRS for SMEs, kile kiwango cha kimataifa cha kampuni ndogo na za kati, na tuna ovadrafti benki. Bosi anataka kujua ipi nafuu, mimi nataka kujua kila moja inaingiaje vitabuni.

Kijana_wa_Ngamiani

Kaka usijisumbue. Tofauti ya karadha na kukodi kwa kawaida imekufa vitabuni. IFRS 16 ilianza tarehe 1 Januari 2019 ikaiondoa IAS 17, na tangu hapo anayekodi anaingiza kila kitu kwenye mizania: haki ya kutumia mali upande mmoja, deni upande wa pili. Zote mbili zinaingia kwa mtindo mmoja.

Bi_Mizania

Ngamiani, ulichosema ni kweli kwa anayetumia IFRS kamili, na hata huko kuna msamaha kwa mkataba wa miezi 12 au pungufu usio na haki ya kununua, na kwa vitu vya thamani ndogo. Lakini ndugu yetu ametaja IFRS for SMEs. Huko mkodi bado anatenganisha, kwa Sehemu ya 20. Hata toleo la tatu lililotoka Februari 2025, litakaloanza kutumika tarehe 1 Januari 2027, halikuleta mtindo wa IFRS 16 kwa mkodi. Kwa hiyo kwa kampuni hii tofauti ni hai kabisa, na ndiyo itakayoamua kama milioni 60 zinaonekana kwenye mizania au hazionekani.

Mhasibu, nianze na kupanga kila mkataba mahali pake, kisha nije kwenye maingizo.

Swali ni moja: hatari na manufaa ya kuimiliki mashine yamehamia kwa nani? Kotesheni ya kwanza inajibu yenyewe. Mashine ya milioni 60, bado ina nusu ya uhai wake, utaichukua kwa 80,000. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeiacha. Maana yake tangu siku ya kusaini ni dhahiri kwamba itakuwa yenu. Hapo hata huhitaji kipimo kingine, ni karadha.

Kotesheni ya pili: miaka 3 kati ya 8. Ukirudisha malipo yote matatu kwenye thamani ya leo kwa asilimia 15 (nitaeleza kwa nini 15 na sio 10) unapata kama milioni 33.6, yaani asilimia 56 ya bei ya mashine. Na ndani ya hizo kuna bima na matengenezo ambayo kwa haki yanapaswa kutolewa kabla ya kupima, kwa hiyo asilimia halisi ni ndogo zaidi. Mashine inarudi kwa mwenyewe ikiwa imebakiza miaka 5 ya kazi, na bei ikianguka sokoni hasara ni yake. Hiyo ni kukodi kwa uendeshaji.

Mzee_Raskazoni

Mama, mbona mnazunguka? Angalia kadi ya usajili. Kama kadi ina jina la kampuni ya karadha, mali ni yao. Utaiandikaje kwenye mali zako kitu ambacho kisheria si chako? Ukishindwa kulipa wanaikokota hiyo foklifti kesho yake.

Bi_Mizania

Mzee wangu, shikamoo. Kisheria uko sahihi: kwenye karadha umiliki unabaki kwa kampuni mpaka mwisho, na ndiyo dhamana yao. Hesabu zinaangalia kilichotokea kwa hakika, si jina lililoandikwa. Jiulize mashine ikiharibika mwezi wa 5 nani anaumia. Kwenye kotesheni ya kwanza ni ghala: atatengeneza kwa fedha yake na bado 21,000,000 italipwa. Mashine ikiendelea kufanya kazi mwaka wa 7 nani anafaidi? Ni ghala tena. Anayebeba yote mawili ndiye anayeiandika mali. Umiliki wa kisheria utatajwa kwenye maelezo ya hesabu, kwamba mali hiyo imefungwa kwa deni hilo.

Dirisha_la_Mikopo

Naingilia kwenye hiyo asilimia 10, maana hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Chukua milioni 60, zidisha kwa asilimia 10, zidisha kwa miaka 4. Unapata milioni 24. Jumlisha na 60, gawa kwa 4: 21,000,000. Ndivyo walivyoitengeneza. Hiyo ni riba flati, inatozwa juu ya milioni 60 nzima hadi mwaka wa mwisho ingawa wewe unapunguza deni kila mwaka. Riba ya kweli, inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, ni karibu asilimia 15. Fungua Excel uandike:

```
=RATE(4,-21000000,60000000,-80000)
```

Itakupa 15% na ushei usioonekana. Hiyo ndiyo riba iliyofichwa ndani ya mkataba, na ndiyo inayotumika vitabuni. Na angalia sana muda wa malipo kabla ya kusaini. Wakigeuza 21,000,000 kwa mwaka kuwa 1,750,000 kwa mwezi, jumla ni ileile milioni 84 na watakuambia bado ni "asilimia 10", lakini riba halisi inapanda hadi karibu asilimia 19 kwa mwaka, kwa sababu fedha inakutoka mapema. Wakidai kipande cha kwanza siku ya kusaini, inapanda tena.

Mhasibu_Chumbageni

Hii sikuiona kabisa. Nilikuwa nimeshaanza jedwali kwa 10 na salio la mwisho lilikuwa linakataa.

Bi_Mizania

Lazima likatae. Jedwali la karadha linajipima lenyewe: baada ya malipo ya mwisho salio linalobaki liwe ni ile bei ya kuchukulia mashine. Likibaki jingine, riba uliyoweka si yake au muda wa malipo umekosewa. Hili hapa kwa 15:

```
Mwaka  Deni mwanzo   Riba        Malipo       Deni mwisho
1      60,000,000    9,000,000   21,000,000   48,000,000
2      48,000,000    7,200,000   21,000,000   34,200,000
3      34,200,000    5,130,000   21,000,000   18,330,000
4      18,330,000    2,749,500   21,000,000       79,500
```

Imebaki 79,500 na bei yao ni 80,000. Hizo 500 ni za kukata tarakimu, zipeleke kwenye riba ya mwaka wa mwisho.

Maingizo ni haya. Siku mnapoanza kuitumia: debiti mashine 60,000,000, krediti deni la karadha 60,000,000. Hakuna fedha iliyotoka lakini mizania imenenepa pande zote mbili. Mwisho wa mwaka wa kwanza: debiti riba 9,000,000, debiti deni 12,000,000, krediti benki 21,000,000. Kosa la kawaida ni kuitupa 21,000,000 yote kwenye matumizi kama kodi ya mashine. Dalili yake ni rahisi kwa mkaguzi: kuna malipo ya kampuni ya karadha kwenye daftari la benki, ila foklifti haipo kwenye rejista ya mali.

Kisha uchakavu. Milioni 60 kwa miaka 8 ni 7,500,000 kwa mwaka.

Kijana_wa_Ngamiani

Hapo dada nakubishia. Mali ya karadha inachakazwa kwa muda wa mkataba. Miaka 4, yaani 15,000,000 kwa mwaka. Hili nina uhakika nalo.

Bi_Mizania

Unachakaza kwa muda mfupi kati ya mkataba na uhai wa mashine pale ambapo huna uhakika wa kutosha kwamba mali itakuwa yako. Huku uhakika upo, ndiyo sababu tuliyoitumia kuiita karadha. Huwezi kusema "hakika ataichukua" kwenye kupanga, halafu kwenye uchakavu ukasema "itaondoka mwaka wa 4". Kwa njia yako mashine itakuwa sifuri vitabuni huku bado inabeba marobota miaka minne mingine bila gharama yoyote ya uchakavu, na miaka minne ya mwanzo imebebeshwa mzigo wa mwenzake.

Kijana_wa_Ngamiani

Sawa, nimekuelewa. Bila ile 80,000, kama mkataba ungesema mashine inarudi, ndipo ingekuwa 4.

Bi_Mizania

Hapo sawa kabisa.

Sasa mzigo wa mwaka wa kwanza kwenye faida ni riba 9,000,000 na uchakavu 7,500,000, jumla 16,500,000. Mwaka wa pili 14,700,000. Mwaka wa nne ni kama 10,250,000, na kuanzia wa 5 ni 7,500,000 tu bila malipo yoyote kutoka benki. Unaona umbo lake: nzito mbele, nyepesi nyuma. Mwambie bosi mapema, maana faida ya mwaka wa kwanza itashuka na atadhani umekosea.

Kotesheni ya pili umbo lake ni tambarare. Milioni 12, 15 na 18 ni milioni 45 kwa miaka 3, na mashine inawafanyia kazi ileile kila mwaka, kwa hiyo matumizi ni 15,000,000 kila mwaka. Mwaka wa kwanza: debiti gharama ya kukodi 15,000,000, krediti benki 12,000,000, krediti malimbikizo 3,000,000. Mwaka wa pili gharama na malipo vinalingana. Wa tatu unalipa 18,000,000, unaandika gharama 15,000,000 na kuyafuta yale malimbikizo. Ikiisha miaka mitatu hakuna salio. Ukiandika 12, 15, 18 kama zilivyolipwa umekosea, isipokuwa kama ongezeko limefungwa kufuata mfumuko wa bei unaotarajiwa kwa takwimu zilizotangazwa. Kutoka 12 kwenda 15 ni asilimia 25, huo si mfumuko wa bei, ni namna ya kumvuta mteja kwa mwaka wa kwanza wa bei nafuu.

Mama_Loji_Bagamoyo

Samahani naingia na langu. Nina loji Bagamoyo, jengo na kiwanja nimekodi miaka 10 kwa mwenye nyumba mmoja. Kwa mnavyosema hapa, na mimi nina karadha? Mhasibu wangu ananiandikia kodi ya pango tu kila mwaka.

Bi_Mizania

Dada, pango la jengo na kiwanja pamoja kwa kawaida haliangukii karadha. Ardhi haichakai, na kama mkataba haukupi umiliki mwishoni, mwenye ardhi ndiye anayebaki na thamani yake. Jengo lenyewe likiwa na uhai wa miaka 40, miaka 10 ni robo. Kama mnatumia kiwango kilekile cha SME, mhasibu wako yuko sawa, ila muulize kama kodi inapanda kila baada ya miaka kadhaa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba. Ikiwa inapanda hivyo, na yeye anaandika kama inavyolipwa, ana ile hesabu ya 12, 15, 18 hapo juu.

Mama_Loji_Bagamoyo

Inapanda mwaka wa 4 na wa 8, imeandikwa kabisa. Nitamwonyesha huu uzi.

Dirisha_la_Mikopo

Mhasibu umetaja ovadrafti. Barua ya benki ina sharti la uwiano wa deni kwa mtaji?

Mhasibu_Chumbageni

Ndiyo. Deni lisizidi mara 1.25 ya mtaji wa wenyewe. Mtaji wetu ni kama milioni 100, madeni milioni 80.

Dirisha_la_Mikopo

Basi hilo lina uzito kuliko riba. Leo mko 0.8. Mkisaini karadha, madeni yanakuwa milioni 140, uwiano 1.4, mmevuka sharti siku hiyohiyo kabla hata ya kulipa senti. Mkichukua ya pili kwa kiwango chenu, madeni yanabaki 80. Mngekuwa kwenye IFRS kamili ya pili nayo ingeingia kama milioni 33.6, uwiano kama 1.14, bado mko ndani.

Mkiitaka karadha, nendeni benki kabla ya kusaini. Peleka jedwali la Bi Mizania na makadirio ya mauzo, ombeni sharti lilegezwe kwa maandishi. Mkienda baada ya kufunga mwaka huku mmeshavuka, benki ina haki ya kuita mkopo wote, na hata isipouita mkaguzi atataka deni lolote la benki hiyo lililoandikwa la muda mrefu lihamie kwenye madeni ya muda mfupi. Barua ya ruhusa iwe mkononi kabla ya tarehe ya kufunga hesabu, si baada.

Ila usidhani ya pili inafichika. Maofisa wa mikopo wanasoma maelezo ya nyuma ya hesabu, na huko mnatakiwa kuonyesha malipo ya baadaye ambayo hamwezi kuyakwepa. Mwisho wa mwaka wa kwanza yatakuwa 15,000,000 ndani ya mwaka mmoja na 18,000,000 baada ya hapo. Mimi hujumlisha.

Bi_Mizania

Niongeze kipande kidogo kwenye karadha, maana nakiona kimekosewa kila mara. Mwisho wa mwaka wa kwanza deni ni 48,000,000. Sehemu ya muda mfupi ni ngapi? Wengine huweka 21,000,000 kwa sababu ndiyo watakayolipa. Wengine 12,000,000 kwa sababu ndiyo waliyopunguza mwaka huu. Zote si zenyewe. Ni 13,800,000, ile sehemu ya malipo ya mwaka wa pili inayokula deni baada ya kutoa riba 7,200,000. Inayobaki, 34,200,000, ni ya muda mrefu. Riba ya mwaka ujao si deni leo, bado haijazaliwa.

Fundi_Foku

Mimi siyajui ya mizania ila kuhusu mashine kurudi kwa mwenyewe sikieni. Someni ukurasa wa hali ya kurudisha. Huko ndiko kunakotoka ankara ya mwisho ambayo hakuna aliyeipangia.

Kwanza mita ya saa. Mikataba mingi inaweka kikomo cha saa kwa mwaka, ukizidi unalipia kila saa ya ziada. Ghala la mkonge msimu ukichanganya linapiga zamu mbili, kikomo kinapita bila mtu kuangalia. Andikeni mita kila Jumatatu.

Pili, meno. Uma wa foklifti ukilika asilimia 10 ya unene pale kwenye kona ya chini, unatolewa kazini, haulehemiwi. Wapiga marobota wanaburuta meno sakafuni, kona inakwisha haraka. Tatu minyororo ya mlingoti: ikirefuka asilimia 3 inabadilishwa. Pima kwa rula siku ya kupokea na uandike, la sivyo utabebeshwa urefu uliokuta. Na huku kwetu hewa ya chumvi ya bahari inakula minyororo na viungio vya haidroliki, kwa hiyo bila grisi ya mara kwa mara miaka 3 ni mingi. Nne, tairi za mpira mzima zina mstari wa kikomo. Uliza kama "matengenezo" ya mwenye mashine yanahusu tairi au la. Mara nyingi tairi, meno na taa zilizovunjika ni za anayetumia.

Siku ya kupokea piga picha pande zote na mita ya saa ionekane.

Mhasibu_Chumbageni

Fundi asante sana. Kikomo kipo, saa 1,800 kwa mwaka. Tairi sijaona zimetajwa. Bi Mizania, hizo gharama za kurudisha nazisubiri mwaka wa 3?

Bi_Mizania

Usisubiri. Ikiwa mkataba unawalazimisha kurudisha ikiwa na meno na tairi ndani ya kikomo, na matumizi yenu ndiyo yanayozila, basi jukumu linajengeka kadiri saa zinavyosonga. Pata makadirio ya fundi, tenga kidogo kila mwaka kulingana na saa zilizotumika. Saa za ziada nazo, zilizozidi mwaka huu ni gharama ya mwaka huu hata kama ankara itakuja baadaye.

Sasa lile la bosi, ipi nafuu. Usilinganishe milioni 84 na milioni 45, muda si mmoja. Geuza kila moja kuwa gharama sawa ya mwaka kwa riba ileile ya 15. Karadha: milioni 60 kwa miaka 8 ya kazi ni kama 13,370,000 kwa mwaka, na bado bima na matengenezo yako nje. Ya pili: thamani ya leo ya milioni 33.6 kwa miaka 3 ni kama 14,720,000 kwa mwaka, na bima na matengenezo yako ndani. Tofauti ni kama 1,350,000. Kama bima na matengenezo ya mashine yenu yatapita hapo kwa mwaka, ya pili ndiyo nafuu.

```
=PMT(15%,8,-60000000)
=PMT(15%,3,-NPV(15%,12000000,15000000,18000000))
```

Fundi_Foku

Milioni moja na laki tatu na nusu? Tairi seti moja tu na sevisi za kila saa 250 zinaivuka hiyo. Bado sijataja pampu ya haidroliki.

Mzee_Raskazoni

Lakini mwaka wa 4 huyo wa kukodisha akisema bei mpya ni milioni 25? Mwenye karadha wakati huo amebakiza malipo moja, halafu mashine ni yake. Mimi ningechukua ya kwanza.

Bi_Mizania

Hoja ya mzee ina uzito. Hesabu yangu ya miaka 8 inadhani mashine itafika miaka 8 na mwishoni haina thamani. Ikifa mwaka wa 6, karadha inapanda hadi karibu 15,850,000 kwa mwaka kabla ya matengenezo. Ikiuzwa kwa bei nzuri inashuka. Ya pili inakupa uhakika wa miaka 3 tu. Bosi anapaswa kujibu kazi ya ghala itakuwepo kwa muda gani, hilo halimo kwenye kotesheni yoyote.

Mhasibu_Chumbageni

Kodi ya mapato je? TRA watafuata mpangilio huuhuu?

Dirisha_la_Mikopo

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 nayo inamchukulia mkodi wa karadha kama mwenye mali, na malipo yake yanagawanywa riba na mtaji. Lakini ina vigezo vyake yenyewe vya kuamua ipi ni karadha, si lazima jibu liwe lile la vitabuni kila mara, na uchakavu wa kodi unafuata madaraja ya sheria, si miaka 8 ya fundi. Kwa hiyo tengeneza jedwali la pili la kodi pembeni. Tofauti kati ya mawili ndiyo inayozaa kodi iliyoahirishwa.

Mhasibu_Chumbageni

Wakuu, nimempigia wa kotesheni ya pili kuhusu tairi. Amekubali tairi ni zake. Ila ameongeza kitu: baada ya miaka 3 tuna hiari ya kuongeza miaka 3 mingine kwa 5,000,000 kwa mwaka. Sio lazima. Bosi amefurahi sana.

Kijana_wa_Ngamiani

Hapo imegeuka karadha! 5,000,000 baada ya kulipa 18,000,000 ni bei ya kutupa, nani ataiacha? Muda unakuwa miaka 6 kati ya 8, asilimia 75 kamili.

Bi_Mizania

Uko sahihi kwamba miaka hiyo 3 inaingia kwenye muda wa mkataba. Bei ya chini kiasi hicho inafanya ionekane hakika wataongeza. Lakini asilimia 75 haimo kwenye kiwango chetu, hiyo ni mistari ya Wamarekani. Chetu kinasema sehemu kubwa ya uhai wa mali, bila namba. Na thamani ya leo ya malipo yote sita ni kama milioni 41.1, karibu asilimia 69 ya bei, tena bima, matengenezo na sasa tairi ziko ndani. Ukizitoa itashuka zaidi. Mashine bado inarudi kwa mwenyewe na miaka 2. Mimi ningeiacha kama kukodi kwa uendeshaji, na gharama ingelainishwa: milioni 60 kwa miaka 6, yaani 10,000,000 kila mwaka badala ya 15,000,000.

Kijana_wa_Ngamiani

Miaka 6 kati ya 8 isipokuwa sehemu kubwa, sehemu kubwa ni ipi basi?

Dirisha_la_Mikopo

Hapa naegemea kwa kijana kidogo. Mkaguzi mmoja atapita na hii, mwingine atakataa. Mhasibu, kabla ya kusaini mwombe mwenye mashine akutenganishie kwa maandishi: mashine ni kiasi gani, matengenezo, bima na tairi ni kiasi gani. Bila huo mgawanyo, hiyo 69 hakuna anayeweza kuitetea, wala wewe wala mkaguzi.

Mhasibu_Chumbageni

Namwandikia sasa hivi. Nikipata mgawanyo nitauweka hapa.